Asilimia 20 Inatoka Mfukoni mwa Nani?

Mwisho wa mwezi ukifika, katika kampuni nyingi za sekta binafsi Tanzania Bara husikika malalamiko yale yale kuhusu mstari mmoja wa slipu ya mshahara, ule wa NSSF. Mengi yana chanzo cha kweli. Yapo makato yasiyofika, yapo mahesabu yanayopunja, na wapo waajiri wanaojua wanachofanya. Lakini mfanyakazi anayelalamikia kosa lisilokuwepo hulipita lile lililopo, na hilo ndilo litakalomgharimu atakapofika miaka 60. Kwa hiyo nayachukua madai machache ninayoyasikia mara nyingi na kuyajibu kwa hesabu ya mfanyakazi mmoja wa mfano.

Tuseme anafanya kazi katika ghala la vifaa vya ujenzi. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 700,000. Kila mwezi anapata posho ya nyumba 120,000 na posho ya usafiri 80,000, zote zikilipwa taslimu pamoja na mshahara. Jumla yake, yaani mshahara ghafi, ni 900,000.

"Wananikata asilimia 20."

Hapana, au angalau haitakiwi iwe hivyo. Asilimia 20 ni mchango mzima unaoingia kwenye Mfuko kwa jina la mwanachama. Sehemu inayoweza kukatwa kwenye mshahara wake haizidi asilimia 10, na iliyobaki hutoka kwa mwajiri juu ya mshahara huo. Mwajiri akipenda kubeba zaidi ya nusu yake, sheria haimzuii. Kinachozuiwa ni kumsogezea mfanyakazi mzigo huo.

Kwa mfanyakazi wetu, asilimia 10 ya 900,000 ni 90,000. Hiyo ndiyo itakayoonekana upande wa makato. Mwajiri anatoa 90,000 nyingine, na Mfuko unapokea 180,000. Kinachowachanganya wengi ni namna ile 90,000 ya mwajiri inavyoandikwa. Baadhi ya slipu huiweka chini kabisa, kwenye sehemu inayoitwa "mchango wa mwajiri". Nyingine huiweka safu ya pembeni, sambamba na makato ya mfanyakazi, na hapo macho hujumlisha yasivyopaswa kujumlishwa. Nyingine hazina kabisa. Kutokuwepo kwake kwenye slipu hakuthibitishi kwamba haijalipwa, maana slipu ni maelezo ya mshahara wa mfanyakazi, na fedha ile haikutoka kwenye mshahara wake.

Njia ya kujua ukweli ni kutoa, wala haihitaji mhasibu. Chukua mshahara ghafi, ondoa makato unayoyatambua, uone kama unafika kwenye kiasi kilichoingia benki. Mfanyakazi wetu ana 900,000. Ondoa NSSF 90,000, ondoa kodi ya PAYE 80,500 (nitaeleza chini ilikopatikana), inabaki 729,500. Kama benki imeingia 729,500, mchango wa mwajiri haukumgusa. Kama imeingia 639,500, ile 90,000 ya mwajiri imechotwa kwake, hata kama slipu imeandikwa kwa maneno mazuri kiasi gani.

Upo mtindo wa pili ambao kutoa peke yake hakuufichui. Mwajiri anakubaliana na mtu mshahara wa 900,000, kisha mwezi wa kwanza slipu inaanza na 818,182. Tarakimu hiyo haikuokotwa. Ukiiongezea asilimia 10 yake unapata 900,000 kamili, maana yake mwajiri ameutoa mchango wake ndani ya mshahara kabla hata slipu haijaanza kuhesabu. Makato yote yaliyo chini yatakuwa sahihi, na jumla itakubaliana na benki. Kosa liko mstari wa kwanza kabisa, na dawa yake ni kuweka slipu na mkataba wa ajira pamoja. Mkataba ukisema mshahara ni 900,000, mstari wa kwanza wa slipu usome hivyo. Mkataba ukisema kwamba 900,000 ni gharama yote ya mwajiri, michango yake ikiwemo, basi mshahara uliokubaliwa tangu mwanzo ulikuwa 818,182, na malalamiko yatakuwa magumu kuyatetea. Ndiyo maana sentensi hiyo inatafutwa kabla ya kutia sahihi.

"NSSF inahesabiwa kwenye mshahara wa msingi tu, posho hazihusiki."

Dai hili lina umri na lina mahali lilipotoka. Watumishi wa umma wako kwenye mfuko mwingine, PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Kule mchango pia ni asilimia 20, ila mgawanyo ni 5 kwa mtumishi na 15 kwa mwajiri, na msingi wa hesabu ni mshahara wa msingi. Mwalimu wa shule ya serikali anapomweleza jirani yake wa kiwandani jinsi anavyokatwa, anasema kweli. Lakini ni kweli ya mfuko wake. Kwa mwanachama wa NSSF, hesabu hufanywa kwenye mshahara ghafi, pamoja na posho anazolipwa taslimu kila mwezi kama sehemu ya ujira wake. Nauli aliyorudishiwa kwa kuleta tiketi baada ya safari ya kikazi si ujira, ni fedha yake iliyorudi.

Wapo wafanyakazi wanaolipenda kosa hili. Kwa mshahara wa msingi peke yake, mfanyakazi wetu angekatwa 70,000 badala ya 90,000, na mkononi angebaki na kitu zaidi. Mwajiri naye angeokoa 20,000. Pande zote mbili zinafurahi mwezi huo, na hakuna wa kulalamika. Ninalisikitikia kosa hili kuliko mengine kwa sababu hiyo hiyo: linatendeka kwa ridhaa ya anayeumia.

Kinachosahaulika ni kwamba pensheni ya NSSF hailipwi kwa kumrudishia mtu shilingi alizochangia. Hulipwa kwa kanuni, na kanuni hiyo inatazama mambo mawili kutoka kwenye kumbukumbu za Mfuko: miezi uliyochangia, na mshahara uliochangiwa. Tangu Julai 2022 kanuni inasema hivi: chukua idadi ya miezi, gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Hadi mwaka 2024, asilimia 67 yake iligawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi. Asilimia 33 ilizidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja kama mkupuo.

Tumpe mfanyakazi wetu miezi 240 ya uchangiaji, yaani miaka 20, na tuseme katika miaka yake bora mshahara ulikuwa huu huu wa 900,000. Kwa mwaka ni 10,800,000. Pensheni kamili inakuwa takribani 4,469,000 kwa mwaka. Kwa mgawo huo, kwa mwezi angepokea kama 249,500, na mkupuo wake ungekuwa karibu 18,434,000.

Sasa mfanyie hesabu hiyo hiyo kama mwajiri alipeleka mchango wa 700,000 tu. Kwa mwezi anapata kama 194,000, na mkupuo unashuka hadi karibu 14,338,000. Amepoteza zaidi ya milioni nne siku ya kustaafu, na zaidi ya elfu hamsini na tano kila mwezi maisha yake yote yaliyobaki. Aliyaruhusu hayo ili asikatwe 20,000 ya ziada, na hata hiyo hakuibakiza yote, kama dai linalofuata litakavyoonyesha.

Namna ya kulitambua kosa hili ni rahisi. Zidisha mstari wa NSSF kwenye slipu yako mara kumi. Jibu lilingane na mshahara ghafi. Likilingana na mshahara wa msingi, umepunjwa.

"Unakatwa NSSF, halafu unakatwa kodi juu ya fedha hiyo hiyo."

Si kweli, na hili halihitaji maneno mengi. Mchango wa mfanyakazi huondolewa kwanza, ndipo kodi ikokotolewe. Kwa mfanyakazi wetu, 900,000 ukiondoa 90,000 inabaki 810,000, na hicho ndicho kiasi kinachotozwa. Kwa viwango vya mshahara wa mwezi vya Tanzania Bara, anayezidi 760,000 bila kupita 1,000,000 hulipa 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kilichozidi ni 50,000, robo yake ni 12,500, na kodi inakuwa 80,500.

Kama kodi ingetozwa juu ya 900,000 yote, ingekuwa 103,000. Tofauti ni 22,500. Maana yake, katika 90,000 anayokatwa, mkono wake umepungukiwa na 67,500 tu, na iliyobaki ingekwenda kwenye kodi hata hivyo. Mchango wa mwajiri nao hauongezwi kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Ukiona kwenye slipu kwamba kodi imekokotolewa kabla ya NSSF kuondolewa, mwandaaji ameupanga mfumo wake vibaya. Mpelekee hesabu hii kwa utulivu, kwa sababu huenda anawakosea wenzako wote bila kujua.

"Mradi imeandikwa kwenye slipu, imeshaenda."

Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapoumia, na walioumia hugundua wakiwa wameshachelewa. Slipu inathibitisha jambo moja tu, kwamba fedha haikulipwa kwako. Haisemi ilikokwenda. Kati ya kukatwa na kuandikwa kwenye akaunti ya mwanachama kuna hatua kadhaa, na mchango unaweza kupotelea katika yoyote.

Tuanzie kwenye vitabu vya mwajiri. Siku mishahara inapoandaliwa, mhasibu anaandika gharama mbili kwa ajili ya mfanyakazi wetu: mshahara 900,000 na mchango wa mwajiri 90,000, jumla 990,000. Upande wa pili anaandika madeni matatu. Deni la mfanyakazi ni 729,500, deni la Mamlaka ya Mapato ni 80,500, na deni la NSSF ni 180,000. Jumlisha matatu hayo utapata 990,000 ile ile. Katika deni la NSSF, nusu mbili zinakutana kwa mara ya kwanza. Moja ilikuwa ya mfanyakazi, nyingine ni gharama ya kampuni, na kuanzia hapo zinasafiri pamoja.

Deni hilo linatakiwa lilipwe ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha. Mwajiri anaandaa orodha yenye jina la kila mfanyakazi, namba yake ya uanachama, mshahara wake na mchango wake, anapata kontroo namba, na analipa. Baada ya malipo, akaunti ya deni la NSSF kwenye vitabu vyake inapaswa kurudi sifuri kwa mwezi huo. Anayefanya kazi idara ya uhasibu anaweza kuuona ugonjwa mapema sana: deni linalokua mwezi hadi mwezi bila kushuka ni kampuni inayokata bila kupeleka. Mara nyingi haianzi kwa nia ya kuiba. Mauzo yamelegea, mishahara lazima ilipwe la sivyo watu watagoma, benki inadai, na fedha ya NSSF iko pale, haina mtu anayeililia mwezi huo. Inatumika mara moja, kisha mara ya pili. Lakini nusu ya fedha hiyo haikuwa ya kampuni hata kwa siku moja. Ilikuwa mshahara wa mtu.

Mfanyakazi asiyeviona vitabu hivyo ana kumbukumbu yake, nayo ni taarifa ya michango ya mwanachama, ile watu wanayoiita stetimenti. Inapatikana ofisi za NSSF na kwa njia za mtandao ambazo Mfuko umewawekea wanachama wake. Kwenye stetimenti mchango wa mwezi huhesabiwa mzima, na kwa mfanyakazi wetu tunatafuta 180,000. Usishtuke kuona kiasi ambacho ni mara mbili ya kile cha slipu. Ndivyo kinavyopaswa kuwa. Ukiona 90,000 peke yake, nusu moja haikufika. Ukiona 140,000, mwajiri ametangaza mshahara wa 700,000, na umerudi kwenye dai la posho.

Kitazame pia kila mwezi kwa jina lake. Jumla kubwa chini ya ukurasa huwafariji watu na kuwafumba macho. Mwanachama aliyechangiwa miezi tisa kati ya kumi na miwili bado ataona jumla inayoongezeka kila mwaka, asijue kwamba Machi, Agosti na Novemba hazipo. Ili mtu apate pensheni anatakiwa kuwa na miezi 180 ya michango. Mwenye miaka 15 kamili ya kazi na mapengo matatu kila mwaka ana miezi 135, na hajafika.

Ila mwezi uliopita ukikosekana, usimkimbilie mwajiri kwa hasira. Mshahara wa Januari unaweza kulipiwa mchango mwishoni mwa Februari na mwajiri akawa hajavunja sheria. Pengo la kutilia mashaka ni la miezi miwili au mitatu nyuma na zaidi.

Na si kila pengo ni la mwajiri mkaidi. Wakati mwingine fedha imelipwa yote, lakini namba ya uanachama kwenye orodha imekosewa tarakimu moja, au jina limeandikwa tofauti na lilivyosajiliwa, au mtu alipewa namba mpya na kila mwajiri aliyepita kwake, michango yake ikawa imelala sehemu mbili. Hayo hurekebishika ukiwa na vielelezo, na hurekebishika kwa urahisi zaidi wakati aliyeandaa orodha bado yuko ofisini.

"Tumekubaliana na bosi, fedha yangu ananipa mkononi."

Makubaliano hayo hayana nguvu. Uchangiaji kwa mfanyakazi wa sekta binafsi aliyeajiriwa ni lazima, wala haugeuki kuwa hiari kwa sababu pande mbili zimeridhiana ofisini. Wajibu wa kuandikisha, kukata na kupeleka ni wa mwajiri, na karatasi iliyosainiwa na mfanyakazi haimwondolei. Mfuko ukimfikia, atadaiwa michango yote pamoja na adhabu inayoongezeka kwa kila mwezi aliochelewa. Waajiri wengi wadogo wanaoingia kwenye mpango huu wanadhani wanamsaidia kijana wao. Wanajitengenezea deni.

Mfanyakazi naye atazame anapokea nini. Anayepewa "fedha yake" mkononi hupewa ile 90,000 ambayo ingekatwa. Nusu ya mwajiri haipewi mtu. Tena ile 90,000, kwa kuwa haikuwa mchango tena, inaingia kwenye mapato yanayotozwa kodi, na 22,500 inaondoka. Kwa hiyo anabadilisha 180,000 kwa 67,500, anapoteza mwezi mmoja wa uchangiaji, na mwanamke anajiweka nje ya mafao ya uzazi yanayotegemea kumbukumbu hizo hizo.

"Mwajiri akishindwa kupeleka, hakuna la kufanya."

Lipo, na linaanza na karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya malipo yake, makato yakiwemo. Kwa hiyo slipu ni haki yako hata kama kampuni ina watu wanne na bosi analipa kwa simu. Asiyepewa slipu aombe kwa maandishi, na abaki na nakala ya ombi.

Kisha weka slipu na stetimenti sambamba, uandike miezi inayopungua na kiasi chake. Orodha hiyo ndiyo inayopelekwa ofisi ya NSSF ya eneo lako. Wakaguzi wa Mfuko wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kutaka kuonyeshwa daftari za mishahara, na Mfuko unaweza kumshtaki mwajiri kudai michango hiyo. Malalamiko ya "hawapeleki" peke yake yanawapa pa kuanzia. Malalamiko yenye miezi saba iliyotajwa, kila mmoja na slipu yake inayoonyesha 90,000 iliyokatwa, yanawapa ushahidi.

Fanya hivyo kampuni ikiwa bado ina mlango. Ikishafungwa, vitabu hutawanyika, mhasibu hubadili namba ya simu, na deni la NSSF linabaki likigombea mali iliyosalia pamoja na wadai wengine. Slipu zako zinaweza kuwa kumbukumbu pekee zilizobaki za makato hayo, kwa hiyo zipige picha kila mwezi na uzihifadhi mahali ambapo si kompyuta ya ofisini.